Nilivyofundisha kitafutaji kutofautisha kiwavijeshi na bungua

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijenga kitafutaji cha vekta kwa ajili ya wakulima wa huku kwetu, kuanzia Nyando na Siaya hadi Vihiga. Mkulima anauliza swali kwa Kiswahili, modeli inaligeuza kuwa vekta, yaani orodha ya namba inayobeba maana yake, halafu inatafuta kipande cha maelezo ya kilimo ambacho vekta yake iko karibu zaidi. Nilikuwa na vipande 6,400 na jozi 2,100 za swali na kipande chenye jibu lake. Nilianzia kwenye `Davlan/afro-xlmr-base`, kwa sababu imesoma Kiswahili, ingawa Kijaluo, ambacho wakulima wa hapa Kisumu hukichanganya nacho bila kufikiria, hakimo kati ya lugha ilizofundishwa.

Mafunzo ya kwanza yalinifurahisha sana. Namba ya hasara, inayoonyesha modeli inakosea kiasi gani kwenye mafunzo, ilishuka haraka, na kufikia mzunguko wa pili ilikuwa karibu sifuri. Nikachukua maswali 150 ya wakulima niliyoyaweka kando nikapima. Kipande sahihi kilikuwa miongoni mwa kumi vya kwanza kwa maswali 118, lakini kilishika nafasi ya kwanza kwa maswali 49 tu. Nikaongeza mizunguko mitano. Hasara ikazidi kushuka, ila hizo namba mbili hazikusogea.

Niliamua kuacha kutazama wastani na kulisoma swali moja hadi mwisho. Mkulima aliuliza: "Mahindi yangu yana matundu kwenye majani na uchafu kama unga wa mbao katikati ya mmea, ni mdudu gani huyu?" Jibu ni kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia Kenya mwaka 2017. Modeli ilileta kwanza kipande kinachomhusu bungua wa shina. Si kosa la kipuuzi, kwa sababu bungua pia hutoboa majani ya mahindi machanga kabla hajaingia kwenye shina, na vile vipande viwili vinatumia maneno karibu yale yale. Lakini mkulima aliyeelekezwa kwa bungua hatatafuta ile alama ya Y iliyopinduka kichwani mwa kiwavi, wala madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia.

Kwa nini mafunzo hayakulisahihisha hilo? Kila swali lilifundishwa ndani ya bechi ya jozi 32. Kipande chake ndicho chanya, na vipande 31 vya maswali mengine vinakuwa hasi. Modeli inatakiwa kukipa chanya alama ya ukaribu na swali iliyo juu kuliko ya hasi zote. Hasi hizo ni za kubahatisha, kwa hiyo nikachapisha alama za swali langu dhidi ya bechi yake. Chanya ilikuwa na 0.80. Hasi zilikuwa maelezo ya mabwawa ya ngege, chanjo ya kuku, uhifadhi wa omena, na nyingi zilizunguka 0.15.

Hesabu yenyewe ni fupi. Katika kanuni ya hasara niliyotumia, `MultipleNegativesRankingLoss`, alama huzidishwa kwa 20 kabla ya kuingizwa kwenye softmaksi, inayozigeuza kuwa mafungu yanayojumlika kuwa moja, na nguvu ya kila hasi kuisukuma modeli ni sawa na fungu lake la softmaksi. Tofauti ya 0.80 na 0.15 ni 0.65, ukizidisha kwa 20 unapata 13, na `exp(-13)` ni kama 0.0000023. Hasi zote 31 kwa pamoja zinafikisha takribani 0.00007. Swali hilo lilikuwa linapita kwenye mafunzo bila kubadilisha chochote. Modeli ilishajua kwamba mahindi si samaki, na mimi niliendelea kuiuliza jambo hilo hilo kila mzunguko.

Sasa weka kwenye bechi kipande kimoja kinachokaribiana kweli na jibu, chenye alama 0.75. Tofauti ni 0.05, mara 20 ni 1, na `exp(-1)` ni 0.37. Fungu lake linakuwa kama 0.27. Kipande kimoja kinasukuma zaidi ya mara 3,000 kuliko zile hasi 31 zote zikijumlishwa.

Nilijaribu kwanza kukwepa kazi kwa kukodi kadi kubwa ya GPU na kupanua bechi hadi 256. Nilidhani hasi zikiwa nyingi, zile ngumu, zinazofanana na jibu, zitajitokeza zenyewe. Lakini swali kama lile la kiwavi lilikuwa na vipande visivyozidi vitano vya kuchanganya katika mkusanyiko mzima wa 6,400. Ukichota kwa kubahatisha, hasi 31 zitakutana na kimoja kati ya hivyo mara moja katika bechi 40 hivi, na hasi 255 mara moja katika bechi tano. Pesa ya kadi iliisha, na maswali yaliyopata nafasi ya kwanza yakapanda kutoka 49 hadi 53.

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba hasi ngumu. Njia ya zamani, ile ya kitafutaji cha DPR cha mwaka 2020, ni kuchukua kipande ambacho BM25, mbinu ya kutafuta kwa maneno, inakiona kinafanana na swali lakini si jibu. Kwa Kiswahili haikunifaa sana. BM25 inahesabu maneno jinsi yalivyoandikwa, kwa hiyo "ninang'oa", "ung'oe" na "yang'olewe" ni maneno matatu yasiyojuana, na neno lililobaki kuunganisha swali na vipande likawa "mahindi", lililojaa kila mahali. Wala haiwezi kujua kwamba gugu ambalo mkulima wa Kijaluo huliita "kayongo" ndilo "kiduha" la kwenye maelezo. Nikaona afadhali niitumie modeli yangu yenyewe. Unaifundisha kwa hasi za kubahatisha hadi ijue mada, kisha unaiuliza maswali yote ya mafunzo na kuchukua inavyovileta juu kimakosa.

Jaribio la kwanza nilichukua vipande vitano vya juu kabisa visivyo jibu, bila kuchuja. Matokeo yakawa mabaya kuliko nilikoanzia. Nafasi ya kwanza ikashuka hadi 44, na kumi za kwanza zikashuka kutoka 118 hadi 109. Dalili nyingine ilikuwa kwamba alama za chanya zenyewe zilikuwa zikishuka mzunguko baada ya mzunguko, na hasara ikakwama juu.

Nilichapa maswali 50 pamoja na hasi zao za juu, nikampelekea afisa kilimo mmoja wa wadi, mama ambaye ameyatembelea mashamba ya huku miaka mingi. Alikaa nayo asubuhi nzima. Swali la saba lilikuwa, "Nifanye nini kayongo lisirudi shambani?" Chanya yangu ilisema ling'olewe kabla halijachanua na kumwaga mbegu. Hasi iliyochimbwa, yenye alama 0.83, ilieleza kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, ule mfumo wa sukuma-vuta uliotengenezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita. Akaniangalia. "Mwanangu, nani amesema hili si jibu? Hili ndilo ninalowaambia watu kila msimu."

Kati ya zile 50, hasi 19 zilikuwa majibu halali. Hakuna aliyezitaja kuwa majibu kwa sababu kila swali lilipewa kipande kimoja tu wakati wa kukusanya. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikiiadhibu modeli kwa kujibu vizuri. Watafiti wa kitafutaji cha RocketQA walikuta jambo hilo hilo kwenye mkusanyiko wa maswali wa MS MARCO, tena kwa kiwango kikubwa zaidi: walipokagua kwa mkono vipande vya juu ambavyo havikuwa vimetajwa kuwa majibu, takribani asilimia 70 vilikuwa majibu au vyenye uhusiano mkubwa na swali.

Kichujio nilichotumia ni rahisi. Hasi inakubaliwa tu kama alama yake haizidi asilimia 95 ya alama ya chanya. Chanya ikiwa 0.80, mpaka ni 0.76, kwa hiyo kile kipande cha 0.75 kinabaki. Desmodiamu ya 0.83 inatoka.

```python
from sentence_transformers.util import mine_hard_negatives

data = mine_hard_negatives(
    dataset=jozi,
    model=modeli,
    corpus=vipande,
    range_min=0,
    range_max=30,
    relative_margin=0.05,
    num_negatives=2,
    sampling_strategy="top",
)
```

Kuhusu `range_min`, wengi hushauri kuruka vipande kumi au thelathini vya juu. Kwenye mkusanyiko wa mamilioni ya vipande hilo lina maana. Kwangu, ambako vya kuchanganya ni vitano tu, kuruka kumi kungezitupa hasi zote ngumu na kunirudisha kwenye kuku na ngege, ndiyo maana niliacha 0. Jambo lingine, kwa kuwa swali moja sasa linatokea katika mistari miwili, tumia `BatchSamplers.NO_DUPLICATES`, la sivyo chanya yake itaingia bechi ile ile ikiwa hasi.

Kichujio hiki kina ubaya wake, na uliniuma. Kinatupa pia makosa ya kweli yaliyo makubwa kuliko yote. Kwenye maswali mengine ya kiwavi, kipande cha bungua kilipata 0.82 mbele ya chanya ya 0.80. Hiyo ndiyo hasi niliyoitaka kuliko zote, na kichujio hakina njia ya kuitofautisha na desmodiamu, kwa sababu alama ni za modeli ile ile inayokosea. RocketQA walitumia modeli ya pili, inayosoma swali na kipande kwa pamoja, iamue. Mimi sikuwa na modeli kama hiyo ninayoiamini kwa Kiswahili cha shambani. Nilizichukua jozi zote zilizovuka mpaka, zikawa 380, na yule mama akazipitia kwa majuma mawili, nami nikimlipa siku zake. Alichokiita jibu tulikiongeza kuwa chanya. Alichokikataa kiliingia kuwa hasi, bungua akiwemo.

Kazi hiyo ilifichua pia kwamba mtihani wangu ulikuwa na upungufu ule ule: maswali yenye majibu mawili halali yalihesabiwa makosa. Tukayarekebisha, nikapima modeli zote upya. Ile ya hasi za kubahatisha ikafika 57 kwa nafasi ya kwanza na 121 kwa kumi za kwanza. Ile iliyofundishwa kwa hasi ngumu zilizochujwa, pamoja na zile za bechi nilizoziacha zibaki, ikafika 88 na 134. Swali la kiwavi sasa linaleta kiwavi kwanza, bungua wa pili.

Baada ya mafunzo hayo nilichimba tena, maana hasi zilizochimbwa na modeli ya jana huwa nyepesi kwa modeli ya leo. Ndiyo sababu mbinu ya ANCE huijenga faharasa ya vekta upya wakati mafunzo yakiendelea. Kwangu raundi ya pili ilileta 88 hadi 94. Ya tatu haikuleta kitu, na nilipozisoma hasi zake nikaona sababu. Nyingi zilihusu umri wa mmea: ushauri wa mahindi ya wiki tatu dhidi ya mahindi yaliyotoa mbelewele, mdudu yule yule, dawa tofauti. Maswali ya aina hiyo kwenye jozi zangu 2,100 hayafiki kumi na tano. Juma hili nimekaa na yule mama tunaandika mengine arobaini, kila moja likiwa na kipande chake sahihi na pacha wake wa umri mwingine.