Kosa ni letu

Juzi binti yangu alinisomea kwa sauti ujumbe ulioingia kwenye simu. Duka moja la hapa mjini lilikuwa linaomba radhi kwa mzigo wetu uliochelewa. Ujumbe ulikuwa mrefu: hali ya hewa, changamoto za barabara, sababu zilizo nje ya uwezo wao, usumbufu wowote uliojitokeza. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa mama, nani alikosea?"

Nikamkumbuka patroni, mama mwenye restora niliyokuwa nafanya kazi Bukavu, na jikoni kwake Nyawera, jioni ile ya tarehe 8 Machi 2019.

Wanaoijua Bukavu wanajua siku hiyo ya wanawake ilivyo. Wamama wanavaa vitenge vya kufanana, wanatembea kwa maandamano asubuhi, mchana kila ofisi inataka kula pamoja. Mwaka ule iliangukia Ijumaa, kwa hiyo ofisi zote zilikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa napokea simu na kuandika karatasi za komandi: jina, mtaa, sahani ngapi, saa ya kuahidi, saa ya kutoka jikoni, na motari akirudi ananiambia saa aliyokabidhi. Patroni alikuwa mkali juu ya hizo saa tatu. Siku hiyo alisema tusikatae mtu. Tukafika komandi 40, kuku wa kuchoma na ndizi, sambaza, bugali na sombe, na karibu wote walitaka chakula saa saba kamili.

Yaliyofuata hayana haja ya kusimuliwa sana. Simu za malalamiko zilianza saa saba na nusu. Saa nane mvua ya Machi ikamwagika, njia ya kwenda Essence ikajaa magari na matope, na komandi za mwisho zilikabidhiwa saa kumi kasoro dakika kumi. Ofisi moja ya Nguba ilipokea chakula wakati watu wameshabeba mikoba yao kurudi nyumbani.

Jioni patroni aliketi kwenye meza ya kukatia mboga, mbabula zikiwa bado na makala mekundu, akanipa simu yake. "Andika," akasema. Akaanza kunitajia: wateja wetu wapendwa, kutokana na mvua kubwa iliyonyesha leo pamoja na msongamano wa magari. Nikaandika. Motari wetu mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka kwenye koti, anangoja pesa yake ya siku. Akasema kwa heshima kabisa, "Mama, unisamehe. Mvua ilinikuta nimeshachelewa."

Patroni akanyamaza. Kisha akaniambia nilete karatasi zote.

Tukazipanga mezani kwa saa ya kutoka. Tulikuwa na pikipiki mbili, kila moja inabeba komandi nne kwa safari, yaani nane kwa mzunguko. Kwenda na kurudi, barabara ikiwa kavu, ni kama dakika 35. Komandi 40 ni mizunguko mitano. Akachukua kalamu, akaandika pembeni ya karatasi: ukianza saa sita na nusu, mzunguko wa tano unatoka saa tisa kasoro dakika kumi, na chakula kinafika yapata saa tisa na dakika kumi. Hapo kuku wote wawe wameiva, barabara iwe tupu, jua liwake. Mvua ilikuwa imetuongezea dakika 40 hivi mwishoni. Saa mbili za kwanza za kuchelewa zilikuwa zetu tangu asubuhi, tangu tulipoandika "saa saba" kwenye karatasi ya tisa.

Alikaa na kile kikaratasi muda mrefu. Namwona hata leo, kidole kikipita juu ya mistari, midomo ikihesabu. Hakuna aliyesema neno. Halafu akasema, "Futa yote. Mvua usiitaje."

Mpwa wake alikuwa na mawazo mengi. Alitaka picha nzuri ya kuku juu, na punguzo kwa komandi ijayo. Patroni akamwuliza, "Mtu anakudai pesa, wewe unamwuzia tena?" Mimi niliandika "haitatokea tena", naye akaniambia nitoe, kwa sababu sikukuu ijayo hajui kama atapata pikipiki ya tatu, na jambo asilolijua hawezi kuliahidi. Kila nilipoongeza sentensi ya kueleza, aliuliza mteja wa Nguba ataifanyia nini. Sentensi nyingi zilikosa jibu. Zilizobaki ni hizi, ninazo bado:

"Leo tulipokea komandi 40 na tukaahidi kuzifikisha saa saba mchana. 8 zilifika kwa wakati, 32 zilichelewa, za mwisho zikafika saa kumi kasoro. Kosa ni letu: tulikubali komandi nyingi kuliko pikipiki zetu mbili zinavyoweza kupeleka. Waliocheleweshewa wote tunawarudishia pesa ya usafiri usiku huu. Waliopokea baada ya saa nane na nusu tunawarudishia bei yote. Kuanzia kesho tunakubali komandi 8 tu kwa kila dakika 40, na utaambiwa saa ya kweli kabla ya kulipa. Ambaye hatapata pesa yake hadi kesho saa nne asubuhi, anipigie mimi mwenyewe. Tunaomba radhi."

Chini yake akaweka jina lake na namba yake mwenyewe, badala ya ile ya restora.

Kabla ya kutuma alitaka pesa zitangulie. Akanishika mkono nisibonyeze. Tulituma moja moja kwa M-Pesa, mimi nikisoma namba kwenye karatasi, yeye akiandika kiasi. Komandi 16 zilikuwa za kurudishiwa bei yote, na ilipofika ya kumi aliacha kuangalia salio. Faida ya siku ile iliondoka karibu yote. Ndipo akatuma ujumbe.

Mume wake alikasirika: umejianika, sasa mji mzima unajua una pikipiki mbili. Wateja wengi waliandika "asante mama" na kurudi. Ile ofisi ya Nguba haikuagiza tena, na patroni hakuwafuata. Miezi iliyofuata nilikuwa nawaambia watu kwenye simu, "saa saba imejaa, nina saa nane kasoro dakika ishirini," na wachache walikata simu, lakini wengi walisema sawa. Siwezi kusema kama ni ujumbe uliotuokoa au ni hiyo saa ya kweli. Nadhani ujumbe bila hiyo saa usingefika Pasaka.

Kuna jambo moja sijalimaliza moyoni. Motari wetu alifokewa milangoni mchana mzima, Kadutu mpaka Panzi, akiitwa mvivu na mwongo, na ni yeye aliyetuambia ukweli. Usiku ule patroni alimlipa saa za ziada na kumwambia pole mbele yetu sote. Lakini waliomfokea hawakusoma popote kwamba yeye hakuchelewa, kwamba alitoka jikoni kila mara saa ileile tuliyompa mzigo. Nilimwuliza patroni kama tuongeze mstari mmoja juu yake. Alifikiri, akasema "kosa ni letu" inamtosha na yeye. Motari mwenyewe hakusema kitu, alichukua pesa akaenda kulala. Mimi ningeuongeza ule mstari, ingawa ujumbe ungekuwa mrefu zaidi.