Siku moja maishani mwangu: nasikiliza watu kwa pesa, hapa Malindi

Saa kumi na nusu alfajiri. Maweni, mtaani kwetu, bado haina bodaboda, haina redio ya jirani, haina mtoto anayeuliza soksi ziko wapi. Huu ndio wakati wangu wenye thamani kuliko wote. Navaa hedifoni, naweka mguu wa kulia juu ya pedali na kuanza. Nikikanyaga, sauti inakwenda. Nikiachilia, inasimama na kurudi nyuma sekunde mbili ili nisipoteze neno. Mama huwaambia watu kwamba mimi ni fundi wa nguo, kwa sababu kila akipita mlangoni huona mguu tu unapiga kama wa cherehani. Nimechoka kumsahihisha.

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Mtu ana rekodi ya mahojiano, ya mkutano au ya darsa, ananitumia, nami namrudishia maandishi: nani kasema nini, dakika ya ngapi, na wapi hapasikiki. Sina mwajiri. Nina wateja.

Kufikia saa moja nimemaliza dakika ishirini na mbili za darsa la shekhe mmoja anayetaka kitabu kidogo, nimeswali, nimechemsha chai, nimenunua mahamri na mbaazi kwa jirani, na binti yangu yuko njiani kwenda shule akiwa na soksi mbili zisizofanana.

Saa mbili na robo simu inalia.

"Shikamoo madamu. Umepata rekodi yangu?"

"Marahaba. Nimeipata."

"Ni saa moja na nusu tu. Nilikuwa nauliza kama mchana utakuwa umemaliza, maana jioni namtumia mwalimu wangu."

Kijana huyu anasoma shahada ya pili na anaandika kuhusu wavuvi. Dakika tisini na nne. Wavuvi saba na yeye wa nane, wameketi bandani ufuoni mwezi wa nane, kusi linavuma. Simu yake ya kurekodia aliiweka juu ya benchi la mbao lilelile walilokalia. Kila mzee anapogeuka, mimi masikioni nasikia mlango umebamizwa.

Nikamwambia leo haiwezekani. Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeuziwa nyanya kwa bei ya nyama. "Lakini madamu, ukiisikiliza mara moja si saa moja na nusu?"

Hapo ndipo watu wote hukwama, na hapo ndipo zamani nilikuwa nasalimu amri. Sasa nina dawa. Nikamwambia anipe saa moja, nitanukuu dakika tano za katikati bila malipo, kisha tuzungumze. Dakika tano za mwanzo hazifai kupimia, kwa kuwa mwanzoni kila mtu anajitambulisha kwa zamu na kwa heshima. Katikati ndipo watu wamezoeana na kuanza kukatizana.

Dakika tano zile zilinichukua arubaini na moja. Kwanza nilipitisha rekodi kwenye Audacity na kukata ngurumo ya chini kwa `High-Pass Filter` ya 100 Hz. Huo uvumi mzito wa upepo ukapungua na sauti za watu zikabaki. Ila pale upepo ulipopiga maiki moja kwa moja hadi sauti ikapasuka, hakuna cha kuokoa. Neno limekwenda. Hapo naandika [haisikiki 00:49:12] na kusonga mbele, wala sibahatishi. Kisha nikarudia mara ya pili kwa ajili ya kutenganisha wasemaji, kwa sababu M3 na M6, yaani msemaji wa tatu na wa sita, wana sauti moja kama ndugu (baadaye nikagundua ni ndugu kweli).

Nikampigia na hesabu. Dakika tisini na nne ni mara kumi na tisa hivi ya zile tano. Kumi na tisa mara dakika arubaini na moja ni karibu saa kumi na tatu za kuketi. Mahojiano ya watu wawili, chumba kimya, huwa yananichukua saa nne hivi kwa kila saa ya rekodi, na bei yangu ni shilingi 60 kwa dakika. Kundi la watu wanane kwenye upepo ni shilingi 100 kwa dakika. Jumla 9,400, nusu ni arubuni, kazi utaipata Ijumaa.

Kimya. Halafu: "Kuna mtu Nairobi ameniambia 40."

"Basi mpe, kaka."

"Lakini yeye si mtu wa Pwani."

Hapo nikajua hashindani bei, analalamika tu.

Niwaeleze kwa nini siku hizi naweza kusema "mpe" bila mkono kutetemeka. Hadi Januari 2025 nilikuwa nikipata kama shilingi 82,000 kwa mwezi, na 63,000 kati ya hizo zilitoka kwa mteja mmoja, kampuni ya utafiti iliyofanya kazi za miradi ya afya kwa pesa za msaada wa Marekani. Tarehe 20 mwezi ule rais wao akatia saini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baada ya siku chache nikapata baruapepe ya mistari mitatu: simamisha kazi zote, hata ulizofikia nusu. Walikuwa na deni langu la 46,200. Nusu yake ililipwa Julai. Nusu nyingine bado naiota.

Februari niliingiza 9,500. Lakini jambo ambalo mtu wa nje halijui, na lililoniuma kuliko deni, ni kwamba sikuwa na kitu cha kumwonyesha mteja mpya. Miaka minne ya kazi, maelfu ya kurasa, yote chini ya mkataba wa siri. Ni mahojiano ya wagonjwa, siwezi kumpa mtu hata ukurasa mmoja. Fundi seremala akifukuzwa, viti vyake bado vimesimama nyumbani kwa watu. Mimi nilikuwa kama niliyeamka jana.

Basi nikamrekodi Mama. Nilimwomba ruhusa, nikamweka jikoni, akanieleza namna ya kuoka mkate wa mofa, dakika sita, na kuku wakichangia. Nikanukuu kwa namna mbili: moja yenye kila "aah" na kila sentensi iliyoachwa njiani, nyingine iliyosafishwa. Hizo kurasa chache ndizo zilizokuwa duka langu lote.

Nikazituma kwa watu thelathini na mmoja. Wanne walijibu. Mmoja alikuwa mhadhiri aliyeniuliza kitu kinachomsumbua: ana maandishi ya zamani ambamo wavuvi wanasema wanapata samaki "wakati wa maji ya mvua", na mvua yenyewe hailingani na tarehe zake. Nikamwomba kipande cha sauti. Mzee alikuwa anasema "maji ya bamvua", yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na baadaye "maji mafu", yale madogo, ambayo aliyenukuu aliyaandika "maji machafu". Mtu wa bara si kiziwi. Hajakaa ufuoni tu, na sikio huandika linalolijua. Mhadhiri akanipa rekodi tatu, kisha akanitaja kwa wanafunzi wake, na ndiyo maana kijana huyu ana namba yangu. Machi nikapata 14,000. Mwezi uliopita, Agosti, nimepata 47,300 kutoka kwa wateja sita, na aliye mkubwa kati yao hakufika 15,000. Ni zaidi kidogo ya nusu ya pesa za zamani kwa usumbufu mara tatu, kwa sababu wateja sita ni simu sita, invoisi sita, na sita wanaotaka kupunguziwa.

Saa nne na nusu M-Pesa ikalia: 4,700. Nikaanza dakika ya kwanza.

Saa tano stima zikakatika.

Betri ya laptopu yangu inavumilia saa mbili, moja na nusu ikiwa feni yake inapiga kelele. Nilipunguza mwanga hadi nikawa nasoma kwa imani. Bila feni ya ukutani jasho linaingia chini ya hedifoni, masikio yanawasha, na M5 ndiyo kwanza ameanza kueleza habari za juya, wavu wa kukokota, na kwa nini vijana wanalificha. Mambo mazuri, lakini anaeleza huku anakula kitu. Sijui ni nini. Nahisi ni viazi karai, kwa sababu na mimi nikashikwa na njaa.

Dakika ya kumi na tisa betri ikaisha. Nikafunga kila kitu begini, nikapanda tuktuk hadi dukani kwa mjomba, mwenye sola. Mjomba alinipisha kwenye kona ya magunia ya mchele. "Karibu mwanangu, ila ukiandika usiongee peke yako, wateja wanaogopa." Ni kweli, hurudia maneno kwa mdomo. Mtu wa nne aliyeingia kununua sukari alinisalimia mara mbili sikumsikia, na najua kesho mtaani nitakuwa mwenye maringo.

Kuanzia hapo sina saa kamili. Alasiri ilipita. Binti alirudi shule akanikuta hapo, akala biskuti za mjomba, akalala juu ya gunia. Mgongo uliuma, halafu ukaacha, halafu ukauma upande mwingine. Dakika ya thelathini na moja, wote saba wanacheka kwa pamoja na mimi nimepitwa na kichekesho. Nilirudisha mara tisa. Kilikuwa chini ya upepo. Nikaandika [haisikiki, wote wanacheka].

Stima zilirudi magharibi. Nilimbeba mtoto nyumbani, tukala wali wa nazi wa jana na tafi wa kukaanga, nikamlaza, nikarudi kitini ilhali nilijiapia sirudi. Lakini mwanafunzi ana mwalimu, mimi nina Ijumaa.

Usiku, sijui saa ngapi, nikasikia adhana. Nikashtuka, maana isha nilikwisha swali. Nikavua hedifoni. Nje kimya, vyura tu. Ilikuwa adhana ya kwao, ya alasiri ile ya Agosti. Nikavaa tena. Mzee M1 anasema, "Tusimame kwanza," mbao zinalia, miguu inaondoka mchangani, na simu ya kijana inabaki peke yake juu ya benchi inarekodi upepo.

Nikaandika [adhana, mazungumzo yamesimama 00:38:20]. Kisha nikatazama urefu wa kile kimya. Dakika tisa. Kwa bei tuliyobishania asubuhi nzima, ni shilingi 900 za bahari.

Ningeweza kuruka hadi watakaporudi. Lakini huwezi kujua, pengine mmoja amebaki bandani na atasema kitu. Nikaegemea kiti, mguu juu ya pedali, na zile dakika tisa nikazisikiliza zote.