Simu Nyekundu Kilimani Kondoa

Juni ile mimi na binamu yangu, mwalimu wa fizikia, tulipanda kilima nje ya mji wa Kondoa usiku usio na mbalamwezi. Nilibeba darubini ya macho mawili ya 10x50, na nilichokifuata ni kimoja: galaksi ya NGC 5128. Kwanza unaitafuta Omega Sentauri, lile fundo la nyota linaloonekana kwa macho matupu kama nyota yenye ukungu, kisha unapanda kaskazini digrii nne na nusu hivi.

Programu ya nyota nilikuwa nimeiweka kwenye hali ya usiku, ramani yote nyekundu. Nikajiona nimemaliza. Tulikaa nusu saa macho yakizoea giza. Omega nikaipata, nikaanza kupanda taratibu, mara simu ikatetemeka. Dada alikuwa anauliza kama tumekula. Nikaufungua ujumbe kwa mazoea, na WhatsApp ikanimwagia weupe usoni. Niliporudi kwenye darubini nilikuta doa tu linaelea mbele ya macho.

"Hiyo programu imejipaka rangi yenyewe, kaka," binamu akasema. "Simu yako bado nyeupe."

Akanieleza kwamba seli za jicho zinazoonea gizani zina kemikali, rodopsini, inayovunjika ikipigwa na mwanga, na kujijenga upya huchukua nusu saa hivi. Mwanga mwekundu seli hizo haziuhisi sana. Ila uwe hafifu. Mwekundu mkali nao unaharibu.

Kwa kuwa macho yalikwisha haribika, tukaitengeneza simu palepale. Kwenye iPhone yangu:

```
Settings > Accessibility > Display & Text Size
> Color Filters > Color Tint
```

Intensity na Hue nikazisukuma zote hadi mwisho wa kulia, kioo kikawa chekundu chote, ujumbe na kila kitu. Kwenye Accessibility Shortcut nikachagua Color Filters, ili nibonyeze kitufe cha pembeni mara tatu tu. Kisha nikashusha mwanga hadi chini kabisa.

Tukasubiri tena. Nilipomulika daftari kwa kioo kile, nusu ya maelezo yangu hayakuwepo: nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu! Binamu alicheka mpaka akakohoa.

Karibu saa nne nikaiona. Si kwa kuikodolea. Nilitazama kando yake kidogo, kikajitokeza kiwingu cha kijivu, hafifu kama pumzi kwenye kioo. Mwanga wake umesafiri miaka kama milioni 12. Binamu naye akaiona, akakaa nayo muda mrefu kuliko zamu yake.

Asubuhi nilidhani simu imekufa, kumbe jua lilikuwa limemeza ule wekundu. Nikaipeleka kivulini, nikapiga picha ya skrini kumwonyesha dada kilichotuchelewesha. Akajibu: "Mbona simu yako iko kawaida?" Kichujio hakitokei kwenye picha ya skrini.