Jinsi nilivyopunguza maneno kwenye slaidi bila kupoteza hoja

Slaidi yangu ya tatu, kuhusu uhifadhi wa mahindi, ilikuwa na aya nzima. Watu walikuwa wanaisoma huku mimi naongea, basi hawakunisikia wala hawakuimaliza.

Mara ya kwanza nilikata kila kitu yakabaki maneno matatu: "Dumuzi. Hewa. Mifuko." Ilipendeza macho, lakini mwenzangu alipoitazama aliniuliza, "Sasa unataka tufanye nini?" Hapo ndipo nikaona kosa. Nilikuwa nimefuta "kwa sababu" na "kwa hiyo", na hoja yote ilikuwa imekaa humo.

Nikaanza upya. Ile aya niliisoma nikitafuta sentensi moja ambayo mtu angeweza kuipinga, nikaifanya kichwa cha slaidi: "Mfuko usiopitisha hewa huua dumuzi kwa sababu oksijeni huisha ndani." Chini yake nikaweka picha mbili sambamba: gunia la kawaida lenye punje zilizotobolewa, na mfuko uliofungwa wenye punje nzima. Kila picha ina maneno mawili tu: "hewa inaingia", "hewa imeisha". Maelezo mengine, kama kukausha mahindi kabla ya kuyafunga, niliyahamishia kwenye sehemu ya Notes ya PowerPoint.

Kisha nikasoma vichwa peke yake, cha kwanza hadi cha mwisho. Kati ya cha nne na cha tano uzi ulikatika. Nikaongeza slaidi moja ya gharama. Wanaotumiwa faili bila kunisikia, mimi huwachapishia Notes Pages, yaani kurasa zenye slaidi pamoja na maelezo yake.