Dipoziti mbili

Miaka hiyo nilikuwa mbeba mizigo katika hoteli moja ya Malindi. Kiitaliano nilikiokota ufukweni, kama vijana wengi wa mji ule. Waitaliano tumewazoea tangu enzi za kituo cha San Marco, kilichorusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Basi akifika mgeni asiyejua Kiingereza, naitwa mapokezi: "Hebu njoo, mtu wako huyu."

Jioni moja akaja mama wa makamo na mumewe, wamelowa jasho. Dada wa mapokezi akasema, "Mwambie kuna dipoziti ya elfu kumi." Nikamwambia: "caparra", shilingi elfu kumi.

Mama akaruka. Ameshalipa! Akachomoa karatasi mkobani, akaigongagonga kwa kidole. Kisha akamgeukia mumewe, kwa sauti ya kusikika: "Ladri!" Wezi.

"Amesema nini?" dada akauliza.

"Amesema amechoka na safari."

"Hata mimi nimechoka. Asipolipa ufunguo sitoi."

Hilo nalo nikalifanya "tafadhali mama, ni utaratibu tu." Nilidhani naleta amani. Kumbe kila mmoja anajibu maneno ambayo mwenzake hakuyasema. Mama anaona anabembelezwa alipe mara ya pili, dada anaona mgeni mkaidi tu.

Nikaiomba ile karatasi. Imeandikwa: "caparra 30%". Mwili ukanisisimka. Kwetu dipoziti ni neno moja, la kushikia chumba na la kufidia glasi ikivunjika. Kiitaliano kinayatenga. "Caparra" ni ile ya kushikia nafasi: inakatwa kwenye bei, na ukighairi mwenyewe umeipoteza. Ya kurudishiwa chumba kikikutwa salama ni "cauzione". Nilimdai mama kitu alichokwisha kulipa!

Nikawasimamisha wote wawili. Kwa Kiitaliano nikasema neno nililokosea, na kwamba kosa ni la mkalimani, si la hoteli. Kwa Kiswahili nikarudia vilevile. Dada akanikazia macho. "Na pale mwanzo alisema nini hasa?"

Nikameza mate. "Alisema wezi. Alielewa anadaiwa mara mbili."

Akanyamaza kidogo. "Muulize, kama angekuwa mimi angefanyaje bila dipoziti."

Safari hii sikupunguza wala kuongeza. Sikusema hata "dada anasema"; nilisema "kama ungekuwa mimi", kama alivyosema yeye. Mama akamtazama dada, si mimi, akajibu: "Ningetaka iandikwe kwamba itarudi, na lini."

Dada akavuta kitabu cha risiti. Akaandika kiasi, tarehe ya kuondoka, na "inarudishwa", akapiga mstari chini. Nikaandika "cauzione" pembeni, dada akiniangalia mkono. Mama akaisoma mara mbili, ndipo akahesabu noti kumi juu ya meza.