Maneno mazito yaliniangusha IELTS, maneno yenye jirani yakanivusha

Mara ya kwanza nilipofanya IELTS, mtihani wa Kiingereza, nilipata 5.5 kwenye kuandika, na chuo nilichoomba Uingereza kilitaka 6.5. Kusikiliza, kusoma na kuzungumza nilipita bila shida. Hasira yangu mpaka leo ni kwa ushauri niliopewa kabla ya mtihani, na naandika haya kwa sababu naona bado unagawiwa kwa vijana wengine hapa Pemba kama karanga.

Ushauri wenyewe ulikuwa karatasi nne zilizopigwa fotokopi, maneno mia mbili ya Kiingereza "yanayowavutia wasahihishaji", kila neno na maana yake moja ya Kiswahili pembeni. Aliyenipa alisema nikiingiza kumi tu katika insha, alama zinapanda zenyewe. Mimi ni bibi shamba, kazi yangu ni kuzunguka na wakulima wa mikarafuu, kwa hiyo nilikariri nikiwa kwenye gari, nikiwa kwenye kivuli nikisubiri watu, usiku nikishalaza watoto. Niliyaweka yote mia mbili kichwani. Nikapanda boti hadi Unguja, nikavuka Dar, nikalipa ada na malazi. Jumla yake ilipita mshahara wangu wa mwezi.

Cheti cha IELTS hakikuelezi ulikosea wapi. Kinakupa alama moja ya kuandika, basi. Bahati yangu ni kwamba usiku ule ule wa mtihani nilikuwa nimeiandika tena insha yangu kwenye daftari nikiwa bado naikumbuka. Matokeo yalipotoka nikaichukua nikaenda nayo Wete kwa Maalim wangu wa sekondari, ambaye amestaafu lakini bado anasomesha Kiingereza jioni barazani kwake.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Lete hiyo karatasi tuione."

Akaisoma kimya, akapiga mstari chini ya maneno matatu: "plethora", "mitigate" na "ubiquitous". Kisha akafanya kitu ambacho kilinifunza zaidi ya karatasi zote nne. Akazigeuza sentensi zangu Kiswahili, akanisomea kama ambavyo msahihishaji angezisikia.

Neno la kwanza nililikariri kuwa ni "wingi". Nilitaka kusema kwamba kisiwa chetu sasa kina shule nyingi, na hilo ni jema. Lakini neno lile lina harufu ya kuzidi, ya kitu kuwepo kuliko kinachohitajika. "Hapa umesema kisiwa kimeelemewa na shule," akasema, "halafu sentensi inayofuata unaomba serikali ijenge nyingine. Nani atakuelewa?" Akanipa mfano: mtu akikwambia leo asubuhi amekunywa shehena ya chai, utajua anamaanisha chai nyingi, lakini utajua pia kwamba hajui shehena ni nini. Shehena hushuka bandarini Mkoani, hainywewi kikombeni.

La pili nililikariri kuwa ni "punguza". Niliandika kwamba serikali ipunguze watalii fukweni, nikatumia "mitigate". Kumbe neno hilo hukaa na madhara, hatari, athari, maumivu. Ni sawa na sisi tunavyosema kupunguza makali ya homa, makali ya njaa, makali ya maisha. Sentensi yangu ilisema serikali ipunguze makali ya watalii. La tatu nililikariri kuwa ni "kinachojulikana kila mahali", nikaandika kwamba karafuu ya Pemba ni "ubiquitous", nikimaanisha ni mashuhuri. Maana yake halisi ni kitu kilichotapakaa, unachokikuta kila unapogeuka, kama simu za mkononi. Umaarufu na kutapakaa ni vitu viwili. Daktari mashuhuri hatumwiti daktari aliyetapakaa. Na juu ya hayo, neno lenyewe nililiandika bila herufi u ya katikati. Mtihani wa kompyuta haukupigii mstari mwekundu ukikosea tahajia.

Hapo nikamuuliza Maalim: kwa hiyo kila neno lililokosewa lilinikata nusu alama? Akasema hapana, na hili watu wengi hawalijui. Vigezo vya kusahihisha vimechapishwa wazi, mtu yeyote anaweza kuvisoma. Kuandika kunapimwa kwa vipengele vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mtiririko, msamiati na sarufi. Msamiati ni robo moja. Msahihishaji hahesabu maneno adimu na hatoi faini kwa kila kosa. Anaisoma kazi nzima, kisha anatafuta maelezo ya daraja gani yanafanana nayo zaidi.

Na maelezo yenyewe ukiyasoma kwa utulivu yanasema mengi. Kwenye 6, mwandishi ana msamiati unaotosha kazi, anajaribu maneno yasiyo ya kawaida lakini anayakosea baadhi, na makosa ya tahajia au umbo la neno hayazuii kueleweka. Kwenye 7, maneno yasiyo ya kawaida yapo, ila yanatumika kwa kujua mtindo na kujua neno gani huandamana na neno gani, na makosa ni ya hapa na pale. Kwenye 5, msamiati ni mfinyu na makosa yanaonekana kiasi cha kumpa msomaji taabu. Kwa hiyo kujaribu neno gumu si dhambi, na hata 8 inavumilia kosa la mara moja moja. Kinachokushusha ni pale makosa yanapokuwa mengi hadi msomaji anasimama na kujiuliza ulitaka kusema nini. Akishasimama, hasara haibaki kwenye msamiati. Hoja yangu ya shule ilijipinga yenyewe, kwa hiyo hata kipengele cha kujibu swali kiliumia, tena katika insha, ambayo ni kazi ya pili ya kuandika na ina uzito mara mbili ya kazi ya kwanza.

Nilirudi Chake nimekasirika, nikachana zile karatasi. Kisha nikakosea upande wa pili. Wiki mbili nzima niliandika insha za mazoezi kwa maneno mepesi tu, kila kitu kizuri, kibaya, kikubwa, watu, vitu. Nikampelekea Maalim tatu nikiwa na uhakika. Hakuna kosa hata moja, na akasema hazifiki. Akanionyesha kwamba nimetumia neno lile lile la "shuka" mara sita katika aya moja, kwa bei, kwa mavuno, kwa idadi ya wakulima na kwa ari yao. "Kwa Kiswahili ungefanya hivyo?" akaniuliza. Kwa Kiswahili bei hushuka, nyumba huporomoka, nazi hudondoka, mavuno hupungua, mtu huvunjika moyo. Hakuna hata moja kati ya hayo iliyo adimu, mtoto wa darasa la nne anayajua yote. Huo upana ndio unaopimwa: una neno la kila jambo, au una neno moja unalolivalisha mambo yote?

Tangu siku hiyo nikaanza daftari jingine, na hili ndilo ninalojivunia. Sikuandika tena neno na maana. Niliandika neno na jirani zake. Kila nilipokutana na neno jipya katika makala niliyosoma, niliandika maneno yaliyokaa nalo, lililotangulia na lililofuata, na sikuliruhusu liingie kwenye insha yangu mpaka nimelikuta mahali patatu tofauti. Kwa "mitigate" nilikuta athari za ukame, hatari ya mafuriko, madhara ya moshi. Baada ya mara ya tatu huhitaji tena tafsiri, unajua lenyewe linapopenda kukaa. Kwa njia hiyo, kwa miezi minne, nilipata maneno kama sabini hivi. Ni machache kuliko mia mbili, lakini yote yalikuwa yangu.

Nusu ya hayo sabini niliyachukua kwenye kazi yangu mwenyewe, na hapa Maalim ndiye aliyenisukuma. Aliniambia nisitafute maneno ya kupamba, nitafute yale ambayo mtu wa kilimo lazima ayajue: mavuno, miche, kivuli, udongo kuchoka, kutegemea zao moja, bei kuyumba. Maneno ya mada yakikaa mahali pake msahihishaji huyaona mara moja, na huwezi kuyakosea kwa urahisi kwa sababu jambo lenyewe unalijua. Tulichukua aya yangu ile ya "ubiquitous" tukaijenga upya. Toleo la kwanza lilisema karafuu imetapakaa na ina wingi uliozidi wa faida. Toleo la mwisho lilisema kwamba familia nyingi Pemba zinategemea zao moja, kwa hiyo mavuno yakiwa hafifu mwaka mmoja, kipato cha kaya nzima huyumba. Kiingereza chake hakina neno hata moja la kwenye orodha, na Maalim akasema hiyo ndiyo aya ya kwanza niliyomwandikia ambayo hakulazimika kuisoma mara mbili.

Kuna mtego mmoja zaidi ambao ulinishika kwenye mazoezi. Maneno uliyoyanakili kutoka kwenye swali hayaonyeshi msamiati wako, kwa hiyo sote tunafundishwa kuligeuza swali kwa maneno yetu. Swali lilizungumzia "elderly people", wazee. Nikabadilisha kila neno kwa kamusi ya visawe, nikaandika "ancient people", yaani watu wa kale, wa enzi za magofu ya Mkama Ndume. Kisawe cha kamusi si ruhusa ya kubadilisha. Ukiwa huna neno jingine lenye uhakika, rudia lile la kwenye swali na ubadilishe muundo wa sentensi. Kulirudia neno sahihi mara mbili kuna hasara ndogo kuliko kumpeleka bibi yako makumbusho.

Siku ya mtihani wa pili swali lilihusu usafiri mijini. Katikati ya insha ya maneno 250 likanijia neno moja zuri la kueleza msongamano, kwenye daftari nilikuwa nimelikuta mara moja tu. Nilikaa nalo kama nusu dakika, kidole juu ya kibodi. Nikaliacha, nikaandika kwamba magari ni mengi kuliko barabara zinavyoweza kuyabeba. Dakika tano za mwisho sikuongeza chochote. Nilipita neno kwa neno nikitafuta tahajia na miisho ya maneno, nikakuta makosa manne, moja ni kitenzi nilichokiweka mahali pa nomino.

Nilipata 6.5. Nilimpigia Maalim kabla sijampigia mume wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimletee na hiyo insha pia, kama bado naikumbuka. Nilikuwa tayari nimeshaiandika.