Mawingu Hayo ni ya Nani?

Tangu Jumapili usiku swali la binti wa kaka halijanitoka. Nilikuwa namsomea mwanzo wa ile hadithi ya baba na baiskeli, ambayo nimekuwa nikiiandika tangu mwaka jana. Yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya sigiri akipuliza makaa. Nikasoma kwa sauti:

"Ilikuwa Jumamosi jioni, mwezi wa nne. Mawingu meusi yalikuwa yametanda juu ya ziwa, upepo ulikuwa ukivuma kutoka Masese, na watu wa Walukuba walikuwa wakirudi makwao."

Akaacha kupuliza. "Shangazi, mawingu hayo ni ya nani?"

"Ya nani vipi? Ni mawingu tu."

"Nani anayaangalia?"

Nikamwambia asubiri, baba anakuja mbele. Akasema, "Haya," akarudi kwenye makaa yake. Hiyo "haya" ndiyo iliyonichoma. Haikuwa na ujeuri wowote. Ni ile ya mtoto mwenye adabu aliyekubali kungoja hadithi ianze, wakati mimi nilidhani nimeshaianza.

Wiki hii tumefunga muhula, mwalimu mkuu kahamishwa, na umeme ulikatika siku mbili nzima. Nimeyapitia yote nikijibu lile swali kichwani.

Kilichoniuma zaidi ni rundo la insha za kidato cha pili nililokuwa nasahihisha wiki hiyohiyo. Karibu zote zinaanza hivyo: siku, saa, jua au mvua, ndege wanaimba, mahali, halafu ndipo mtu anatokea. Hawakuzaliwa nayo, mimi ndiye niliyewafundisha. Niliandika ubaoni kwamba mwanzo mzuri unataja wakati, hali ya hewa na mandhari, nao wakatii. Mtoto anayeandika juu ya mwizi sokoni anatumia sentensi nne kumaliza hewa na saa, na mwizi anapofika muda umekaribia kwisha.

Jumanne nilichukua insha moja nikafunika aya ya kwanza kwa kiganja, nikaanza kusoma ya pili. Sikupotea. Nikafanya hivyo kwa nyingine, na nyingine. Kisha nikaweka kiganja juu ya aya yangu mwenyewe, ile ya mawingu. Hadithi haikupungukiwa na kitu.

Nilipoitazama lugha yenyewe nikaona kinachotokea. Yalikuwa yametanda, ulikuwa ukivuma, walikuwa wakirudi. Vitenzi hivyo vya pacha vinaonyesha hali iliyokuwapo tayari. Ni vizuri kwa kazi hiyo, ila vikipangwa vitatu mfululizo bila tukio, kila kitu kinasimama kama picha ukutani. Wakati Kiswahili kimetupa -ka-, ambacho kazi yake ni kuendeleza. Ukisikia "akasema", unajua kuna jambo lililotangulia, hata kama hukuambiwa. Na "yule mtu" si sawa na "mtu mmoja". "Yule" anakufanya uhisi kwamba mlishamwona mlangoni kabla ukurasa haujafunguka.

Nikaandika upya usiku huo, kwa mshumaa:

"'Hiyo siyo baiskeli yangu,' akasema yule mtu, na baba akaendelea kukaza spoku."

Nilisimama nikazunguka chumba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea wiki hii. Ugomvi umeshaanza. Baiskeli ipo, mtu anaikana, na baba hainui kichwa, jambo linalomwonyesha baba kuliko ningemweleza kwa ukurasa mzima. Wala sikusema kwamba ni fundi. Spoku zimesema.

Mawingu sikuyatupa. Niliyangojea mpaka yapate mwenyewe. Yule mtu anapotaka kuondoka kwa hasira, mvua inashuka, na sasa hawezi kutoka. Amekwama chini ya mabati pamoja na mtu anayemtuhumu. Na ninyi mnaoishi chini ya mabati mnajua mvua ya mwezi wa nne inavyopiga: baba anapojibu, inambidi apaze sauti, na neno ambalo angelisema polepole majirani wote wanalisikia. Sasa mvua inamtenda mtu kitu. Hata jioni ilirudi yenyewe, kwa sababu baba aliwasha taa ili aonyeshe namba iliyochongwa kwenye fremu.

Alhamisi nikamsomea tena binti. Nilikuwa nimelewa ushindi, nikawa nimekata kila kitu. Aya ya pili ilikuwa hivi: "Akamwambia aitazame vizuri. Akamkatalia. Akamshika mkono."

"Nani kamshika nani?" akauliza.

Nilikuwa najua, kwa sababu nilikuwapo. Yeye hakuwapo. Kiswahili chetu kina "a" moja na "m" moja kwa binadamu wote, wanaume wawili wanachanganyika mara moja. Anayeanzia katikati ya ugomvi lazima ampe kila mtu alama mapema: fundi na mwenye baiskeli, mzee na kijana. Nikarudisha: "Fundi akamwambia aitazame vizuri. Kijana akakataa, akamshika baba mkono." Maneno matatu tu, na ukungu ukaondoka. Kuna na shimo jingine nililochungulia: kuanza na ugomvi, kisha aya ya pili ikasema "Yote yalianza Jumamosi hiyo asubuhi, jua lilipokuwa likichomoza". Hapo orodha imehamia chumba cha pili tu. Mambo ya nyuma nimeyaingiza yanapoitwa. Baba anapotaja pesa za rehani, hapo ndipo msomaji anajua kwamba baiskeli ilikuwa imewekwa dhamana.

Nilimkumbuka bibi pia. Yeye alikuwa akianza na "Paukwa!" nasi "Pakawa!", na hakuna aliyemuuliza saa. Lakini bibi hakuwa akieleza mandhari. Alikuwa akituita tusogee. Giza, moshi wa kuni, usiku wenyewe, sote tulikuwa ndani yake pamoja naye. Akishaita, sungura yuko tayari shambani kwa watu anaiba. Mimi kwenye karatasi nilichukua nafasi ya ule mwito nikaijaza mawingu.

Jambo hili si geni. Mshairi wa Roma, Horasi, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alimsifu Homeri, mshairi wa Ugiriki, kwa kutoianza hadithi ya vita vya Troya tangu yai alimotoka Helena, mwanamke aliyegombewa katika vita hivyo. Homeri alianza mwaka wa 10 wa vita, wakubwa wawili wa jeshi moja wakigombana. Niliyasoma hayo chuoni nikayajibu kwenye mtihani. Ilibidi mtoto wa miaka 13 mwenye majivu usoni ndiye anieleweshe.

Muhula ujao nitafuta ile orodha ubaoni. Nitawaacha waandike mawingu yao kwenye rasimu, maana mkono nao huhitaji kupata moto, kisha kila mmoja atafute sentensi ambamo mtu anataka kitu na mwingine anamzuia, aweke kiganja juu ya yote yaliyotangulia.

Jana nilitaka kumpigia kaka nimwambie binti yake kafanya nini. Alisema Jumanne anavuka mpaka wa Malaba na mzigo, atapiga akishatoka kwenye foleni. Simu yake inaita, haipokelewi. Leo asubuhi binti alikunja shati la kazi la kaka akaliweka kitini karibu na mlango, kama anavyofanya kila baba yake akikaribia kurudi, na bado hajaniuliza kitu.